Riba ya Benki Kuu imeshuka, rejesho la Moshi liko palepale

"Benki Kuu wametangaza wameshusha riba, lakini afisa mikopo ananiambia mkopo wangu bado ni asilimia 18. Nani mkweli hapo? Na mzigo wangu nautoa Nairobi, shilingi ikiyumba nifanyeje?" Ni swali la mwenye duka la viatu na nguo za watoto, Moshi mjini.

Wote wawili ni wakweli. Julai 2025 Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Tanzania ilishusha Riba ya Benki Kuu kutoka asilimia 6 hadi 5.75, na Oktoba mwaka huohuo ikaiacha hapo. Ila riba hiyo hailengi mkopo wako moja kwa moja. Inalenga mikopo ya siku 7 ambayo benki zinakopeshana zenyewe kwa zenyewe, pale benki moja inapomaliza siku ikiwa na pungufu na nyingine ina ziada. Utaratibu huu ulianza Januari 2024, riba ikiwa asilimia 5.5. Aprili mwaka huo ikapandishwa hadi 6. Zamani Benki Kuu ilikuwa inapima zaidi wingi wa fedha zilizomo kwenye mzunguko.

Inavyofanya kazi ni hivi: Benki Kuu inaruhusu riba ya benki kwa benki icheze asilimia 2 juu au chini ya riba yake, maana yake, riba ikiwa 5.75, ni kati ya 3.75 na 7.75. Ikikaribia juu, Benki Kuu inaingiza shilingi kwenye mabenki. Ikishuka mno, inazivuta. Tamko linaishia hapo kwa nguvu zake za moja kwa moja. Kutoka hapo hadi kwenye duka lako ni safari nyingine.

Benki yako haikukopeshi fedha ilizozikopa kwa siku 7. Inakukopesha amana za watu, na amana kubwa za muda maalumu, zile za mifuko ya hifadhi na mashirika, huja baada ya mwenye nazo kubembelezwa kwa riba nzuri. Juu yake kuna gharama za matawi na mishahara, kuna mikopo chechefu ya wengine, na kuna hatifungani za serikali ambazo benki inaweza kununua ikalala usingizi badala ya kumfuatilia mwenye duka. Ndiyo maana wastani wa riba za mikopo nchini umekaa karibu asilimia 15 tangu utaratibu huu uanze, wakati wateja wakubwa wenye nguvu ya kujadiliana wakipata takriban 12 au 13. Mfanyabiashara mdogo yuko upande wa juu wa wastani huo. Tuwe waungwana lakini: Benki Kuu ilipopandisha riba Aprili 2024, marejesho ya watu wengi hayakupanda. Njia iliyoziba kwenda juu imeziba pia kuja chini.

Halafu angalia mkataba wako. Mikopo mingi ya biashara ndogo ina riba iliyofungwa hadi mwisho. Hata benki ikishusha kesho, atakayefaidika ni anayekopa kesho.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu kelele nyingi kuhusu riba hii hazijapita kwenye kikokotoo. Chukua mkopo wa shilingi milioni 20 kwa miezi 24, asilimia 18 kwa mwaka, riba ikihesabiwa kwenye deni lililobaki. Rejesho ni kama 998,500 kwa mwezi. Tuseme benki ina roho nzuri, ikakupunguzia robo yote ya asilimia iliyoshushwa Julai. Rejesho linakuwa kama 996,100. Umeokoa shilingi 2,400 kwa mwezi, nauli za bodaboda hizo.

Wapo wanaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba Benki Kuu inatembea polepole mno. Mfumuko wa bei umekuwa ukizunguka kwenye asilimia 3 na kidogo, sehemu ya chini kabisa ya lengo la 3 hadi 5. Kama bei zimetulia hivyo, mwenye duka anayelipa 18 anabeba mzigo halisi wa zaidi ya 14 juu ya kupanda kwa bei. Biashara gani ya rejareja ina faida ya kulisha riba hiyo na bado ikakua? Basi, wanasema, shusha kwa nguvu.

Haya, tushushe kwa nguvu. Tuseme Benki Kuu inakata asilimia 2 nzima, na benki yako inakupa zote, jambo ambalo silitegemei. Kwa asilimia 16 rejesho linakuwa kama 979,300. Unaokoa shilingi 19,200 kwa mwezi, jumla kama 461,000 kwa miaka miwili. Si haba. Lakini liweke pembeni ya mzigo wa Nairobi.

Shilingi ya Kenya imekaa karibu 129 kwa dola tangu Agosti 2024, kwa hiyo ukinunua Nairobi kwa kweli unanunua kwa bei ya dola. Shilingi yetu ikiwa karibu 2,700 kwa dola, kama Mei 2025, shilingi moja ya Kenya inakugharimu karibu 21. Ikiwa 2,450, kama vuli ya mwaka huo, ni kama 19. Mzigo wa shilingi 500,000 za Kenya ni milioni 10.5 katika hali ya kwanza na milioni 9.5 katika ya pili. Milioni moja, kwa safari moja! Punguzo lile kubwa la kufikirika, la miaka miwili mizima, halifikii hata nusu ya tofauti hiyo.

Hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapoeleweka. Shilingi zikiwa rahisi sana kwenye mabenki, anayezitaka kwanza mara nyingi si mwenye duka. Ni anayetaka kununulia dola. Benki Kuu ikikata haraka, inaweza kukupa elfu kumi na tisa kwa mkono mmoja na kukunyang'anya milioni kwa mwingine. Kwa mtu anayeuza bidhaa za nje kwa shilingi, mwendo wa polepole una maana. Mimi naegemea huku, ingawa naona wakosoaji wako sahihi kwenye jambo moja: kama riba ya Benki Kuu haifiki mtaani, basi ushindani wa mabenki ndio wa kushughulikiwa.

Ila ukivuka KIA ukaingia Arusha, msiba wako ni sherehe ya mwingine. Mwenye kampuni ndogo ya utalii anayelipwa dola 10,000 kwa kundi anapata milioni 27 shilingi ikiwa 2,700, na milioni 24.5 ikiwa 2,450. Viingilio vya hifadhi kwa wageni vimepangwa kwa dola, kwa hiyo upande huo haumuumizi, lakini dereva, mpishi, gereji na chakula vyote anavilipa kwa shilingi. Mkulima wa kahawa wa Kibosho naye bei yake inafuata soko la New York kwa dola. Wote hawa shilingi imara inawabana. Benki Kuu haiwezi kuwaridhisha ninyi nyote, na ndiyo sababu tamko lake huwa linasema thamani ya shilingi inaamuliwa na soko, yenyewe ikiingia tu kutuliza mayumbo makubwa. Wengi wanaruka mstari huo. Maana yake ni kwamba hakuna bei ya dola uliyoahidiwa.

Kipo hata hivyo kitu cha kukushika mkono: msimu. Dola zinaingia kwa wingi kuanzia Julai watalii wanapojaa, kisha mazao kama korosho yanaposafirishwa, hadi Desemba. Masika hoteli za Arusha zinakuwa tupu na dola zinaadimika. Mwaka 2024 na 2025 yote shilingi ilidhoofika nusu ya kwanza ya mwaka na kujikusanya kabla ya mwaka kuisha. Lakini usiifanye kanuni. Mwaka 2023 dola ziliadimika na shilingi ikateremka karibu mwaka mzima.

Kuna anayejiona mjanja, anakopa Novemba, ananunua dola, anazikalia hadi Mei. Kwa riba ya 18, miezi sita inakula asilimia 9. Kutoka 2,450 hadi 2,700 ni kama asilimia 10. Toa tofauti ya bei ya kununua na kuuza dola, toa ada ya mkopo, umefanya kazi ya bure, na mwaka ambao msimu haukutii unapata hasara. Akiba ya dola ina maana kwa fedha yako mwenyewe, na kwa mzigo unaojua utaununua.

Kabla ya kumlaumu gavana, geuza pia ukurasa wa mkataba unaoeleza riba inavyopigwa. Ile asilimia 18 ikipigwa kwenye milioni 20 yote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, bila kujali umeshalipa kiasi gani, riba ni milioni 7.2 badala ya milioni 3.96. Rejesho linapanda hadi 1,133,000, na riba yako halisi ni karibu asilimia 31. Utalijua hilo kwa kuomba jedwali la marejesho: kama sehemu ya riba ni kiasi kilekile mwezi wa 1 na mwezi wa 24, umeshajua. Mikopo ya kausha damu iko mbali zaidi. Wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, wenye leseni wamewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ni 42 kwa mwaka, na wasio na leseni wanapita hapo.

Kamati hukutana Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Tamko linalofuata likitoka, asilimia iliyo kwenye kichwa cha habari isome haraka tu, kisha nenda aya inayozungumzia fedha za kigeni: shilingi imekwenda wapi robo iliyopita, na akiba ya taifa inatosha miezi mingapi ya kuagiza bidhaa, kigezo kikiwa angalau 4. Kisha linganisha na kalenda ya duka lako. Mzigo wa shule kufunguliwa Januari unaununua Novemba na Desemba, wakati ambao kwa kawaida unakupendelea. Wa Pasaka unaangukia shilingi inapoanza kulegea. Huo ndio wa kupangia bei kwa 21 kwa kila shilingi ya Kenya, hata kama siku unayotoa oda unachenji kwa 19 na nusu.