Dere akichepuka na gari ya kazi, nani analipa?

"Dere wetu alitumwa na pikapu kutoka Kisumu apeleke simiti Ahero, kumaliza akaenda Awasi kusalimia mamake, huko akagonga boda. Bosi anasema hio haimhusu. Ni kweli?"

Ana hoja, lakini asiitegemee sana. Korti huuliza hivi, wakati ajali inatokea dere alikuwa bado anafanya kazi ya bosi hata kama ameifanya vibaya, ama alikuwa ameshaanza safari yake mwenyewe? Saa za kazi peke yake haziamui.

Hii mambo ni ya zamani, tuliirithi kwa Waingereza. Mwaka 1868 kwa kesi ya Whatman dhidi ya Pearson mfanyakazi alikatazwa kwenda nyumbani lunchi, akaenda tu, kama robo maili hivi nje ya njia, akaacha farasi mlangoni bila mtu, farasi akatoroka akavunja uzio wa wenyewe. Bosi alilipa, kwa sababu kuchunga huyo farasi mchana kutwa ndio ilikuwa kazi yenyewe, na kumkataza hakukumsaidia. Mwaka uliofuata, Storey dhidi ya Ashton, dere ametoka kupeleka mvinyo, amebakisha kidogo arudi kwa bosi, karani aliyekuwa naye akamwambia wapitie kwa jamaa ya huyo karani upande mwingine kabisa. Wakagonga mtu. Bosi akaponea, hio ilikuwa safari mpya.

Sasa Awasi iko mbele ya Ahero ukitoka Kisumu, kwa hivyo dere alikuwa anazidi kuiacha Kisumu, simiti imeshashuka, na kwa mama hakuna kitu ya duka. Hapo naona bosi ana nguvu. Angekuwa amesimama tu Nyamasaria akirudi, anunue samaki dakika kumi, singempa nafasi, maana hio bado ni njia ya kazi.

Lakini mtu wa boda naye ana lake, na mimi namuelewa: yeye hakumchagua dere, hajui alitumwa wapi, gari ina jina la duka mlangoni. Ndio maana huku kwetu kuna kesi ya Karisa dhidi ya Solanki ya 1969, ukishaonyesha gari iligonga kwa uzembe, korti inachukulia ilikuwa inaendeshwa na mtu ambaye mwenye gari anamjibia, mpaka mwenye gari alete ushahidi wa kuonyesha vingine. Kusema tu "sikumtuma" ni rahisi sana, kila bosi husema. Alete karatasi ya diliveri yenye saa simiti ilipokelewa, alete rekodi ya traka, dere mwenyewe aeleze alikuwa anaenda wapi.

Na hapo ndio bosi wengi hukwama, kwa sababu dere akija kusema alikuwa anapitia Awasi kuchukua pesa ya kastoma, na bosi kweli alikuwa amezoea kumtuma hivyo kwa simu bila karatasi, hio safari ya mama inageuka ya kazi.