Alishalipa kodi ya chumba kabla hajaniambia

Mwanamke mmoja amenipa neno la mwisho mara mbili. Mara ya kwanza nilivaa viatu nikaenda zangu dukani. Mara ya pili sikulala. Na maneno yalikuwa karibu yaleyale: njoo nyumbani unipose, la sivyo naondoka.

Tulikuwa sogea tukae, kama wengi hapa Mbeya. Alikuja kwangu Mwanjelwa na begi moja, mwezi wa saba, baridi ya kuuma masikio, akasema anakaa mpaka baridi ipungue. Mwaka wa nne ukatukuta na mtoto wa kike, friji, na nyumba isiyoisha kule Isyesye. Kwao Tukuyu walinijua kwa sauti ya simu tu.

Ile mara ya kwanza ilikuwa usiku tunatoka kwenye sendofu ya rafiki yake. Saa tano usiku akaanza kutupia nguo kwenye begi huku analia. "Usiponipa jibu kesho asubuhi, hunioni tena." Kabla sijajibu alishaweka stetasi, na dada yake alishapiga simu kuuliza nimemfanya nini. Mimi macho yalikuwa kwenye kona ya chumba. Cherehani ipo palepale, na kitambaa cha mteja bado kimebanwa chini ya sindano. Yeye ni fundi wa nguo, kula yake iko pale. Nikajua haendi popote. Akaenda kwa dada yake siku tatu, Jumapili akarudi, tukapika wali, hakuna aliyeligusa tena jambo hilo.

Simlaumu. Alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia husema. Ila kitisho kisichotekelezwa kina gharama yake: mimi nilijifunza kwamba nikivumilia siku tatu yanapita. Kwa miezi minane iliyofuata nilitumia somo hilo vizuri sana.

Na nikazidisha. Nikamwambia kwa upole kabisa, "Nizalie wa pili, wa kiume, halafu nitakuja kwenu kifua mbele." Naliandika hili kwa aibu, maana nalo lilikuwa sharti, tena la hila. Jinsia ya mtoto hana mamlaka nayo. Akishapata mtoto wa pili kuondoka kunakuwa kugumu zaidi, kwa hiyo sharti lenyewe linamfunga kabla halijatimizwa. Halina tarehe, na mimi silipii chochote nikiruka ahadi. Ukitaka kuutambua mtego ukiwa ndani yake, angalia hapo: unadaiwa kitu usichokiweza, na kila hatua unayopiga kukitafuta inakupunguzia mlango wa kutokea.

Wapo wanaotumia kikali zaidi ya hicho. "Ukiniacha nakunywa sumu." Hilo lichukue kwa uzito wote: waite ndugu zake usiku huohuo, mfikisheni hospitali, asiachwe peke yake. Lakini lisigeuke kuwa sababu ya wewe kubaki. Mwingine hukwambia mtoto hutamwona tena. Hapo mtoto amefanywa rehani.

Mara ya pili ilikuwa Jumanne ya mwezi wa pili, mtoto kalala, vyombo vimeoshwa. Akaniambia nizime redio. Hakulia. Akasema, "Baba, sitaki kuendelea kuishi hivi. Naomba barua ya posa ifike kwa baba kabla ya tarehe 31 mwezi wa tano. Mahari sikuulizi, hayo ya ng'ombe ni ya wazee. Harusi sikuulizi. Barua tu, na mshenga wa kuipeleka. Isipofika, tarehe mosi mwezi wa sita nahamia Iyunga na mtoto. Utakuja kumwona siku yoyote."

Nikamjibu kwa kujifanya mwanasheria. Nilishasikia kwamba watu wakiishi pamoja miaka miwili wanakuwa mke na mume. Kumbe alishakwenda kuuliza kwa wanaojua. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mkiishi miaka miwili au zaidi kwa namna ambayo watu wanawahesabu kuwa mke na mume, mnadhaniwa mmeoana. Mnadhaniwa tu. Upande mmoja ukileta ushahidi wa kinyume, dhana hiyo inaweza kuvunjwa mahakamani. Akanitazama akasema, "Mimi sitaki ndoa ya kudhaniwa."

Halafu akatoa bahasha. Ndani kulikuwa na risiti za bati za Isyesye alizonunua kwa pesa ya kushona, na stakabadhi ya kodi ya chumba cha Iyunga, miezi mitatu kuanzia mwezi wa sita. Alishalipa. Nikageuka kuangalia kona. Cherehani haikuwepo, ilikuwa Soweto kwa fundi mwenzake tangu wiki iliyopita, nami sikuwa nimeona.

Mama yangu aliposikia alimwita mjanja. Marafiki wa kijiweni walisema nimewekewa kisu shingoni. Nimelifikiria sana na sikubaliani nao. Alichotaka kilikuwa ndani ya uwezo wangu: kalamu, karatasi, mjomba mmoja wa kutumwa, nauli ya kwenda Tukuyu. Muda aliupima kwa shughuli yenyewe, karibu miezi minne kwa barua moja. Na adhabu haikuwa adhabu. Alikuwa anaeleza atakachofanya yeye na maisha yake, hakunitisha kunifanyia kitu. Mimi nilibaki huru kusema hapana. Ningeisema ile hapana, ukweli, yeye angekuwa ameshapata jibu alilokuwa analitafuta kwa miaka minne.

Ila hesabu hii ni ya nyumba isiyo na ngumi. Kama mwenzio anakupiga, usimtangazie tarehe wala chumba ulicholipia, maana kuondoka ndipo penye hatari kubwa. Ondoka kwanza, pitia Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, maneno yatasemwa ukiwa mbali.

Sasa, nilifanyaje? Nilichelewa. Nilikuwa na shamba la mpunga la kukodi Igurusi, na mwezi wa tano mavuno yalinikamata. Tarehe 26 nikamwomba wiki tatu. Akauliza, "Mjomba umeshamwambia?" Sikuwa nimemwambia. "Barua umeiandika?" Bado. Akasema angekuta hata kimoja kimefanyika angeniongezea, lakini hapa hakuna cha kuongezea muda. Hakurudia tena neno hilo, siku tano zote. Alipika, akanifulia, akaniuliza habari za mpunga. Nikajidanganya kwamba amelainika.

Tarehe mosi asubuhi bajaji ilisimama mlangoni. Alichukua godoro dogo, vyombo nusu, na mtoto. Friji aliiacha, alisema tutaijadili. Hakupiga simu kwa dada yake, stetasi hakuweka. Jioni alinitumia ujumbe: mtoto amefika salama, amekula.

Barua ilifika Tukuyu tarehe 18. Mjomba aliipeleka na pesa ya bahasha, akapokelewa kwa heshima, wazee wakasema watajibu. Usiku ule nikakodi bajaji hadi Iyunga, nikijua narudi naye. Alinikaribisha chai. Alifurahi kweli, niliona usoni. Nilipomwambia afungashe akacheka kidogo.

"Nilikwambia nahamia, nimehamia. Wazee hawajajibu. Kodi yangu inaisha mwezi wa nane."

Nilimbeba mtoto hadi akasinzia. Pembeni ya kitanda cherehani ilikuwa na kitambaa chini ya sindano, gauni la shule la mtoto wa jirani, na aliniomba nisogee kidogo ili taa imfikie.