Sukari na krima ndani ya pakiti ya tatu kwa moja

Pakiti ya kahawa au chai ya tatu kwa moja hubeba jina la kinywaji, ilhali orodha ya viambato, ambayo kwa kawaida hupangwa kuanzia kilicho kizito zaidi, mara nyingi hutanguliwa na sukari, ikafuatiwa na krima, na kahawa yenyewe ikaja nyuma. Wanaozitetea husema kwamba hakuna kilichofichwa, na hoja yao ina uzito: vijiko vitatu vya chai vya sukari ni takribani gramu 12, hivyo aliyezoea kujitilia kiasi hicho hapati nafuu yoyote kwa kuikwepa pakiti yenye gramu 10. Wanaozipinga hujibu kuwa kijiko unaweza kukipunguza, lakini sukari iliyokwisha kuchanganywa haitengeki.

Kwa maoni yangu, penye utata zaidi ni kwenye krima. Tuchukue mfano wa pakiti ya gramu 20 ambayo jedwali lake, kwa kila gramu 100, linaonyesha wanga gramu 75, ambao ndani yake mna sukari gramu 50, na mafuta gramu 12. Ukigawanya kwa tano, pakiti moja ina wanga gramu 15, sukari gramu 10 na mafuta gramu 2.4. Zile gramu 5 zinazozidi kati ya wanga na sukari hutoka zaidi kwenye sirapu ya glukosi iliyotengenezewa krima. Minyororo yake mirefu ya glukosi iliyoungana haihesabiwi katika mstari wa sukari, ingawa tumboni humeng'enywa upesi na kuwa glukosi. Mtengenezaji hajadanganya, kwa kuwa ndivyo sukari inavyohesabiwa kwenye lebo, lakini mwenye kisukari anayesoma mstari wa sukari peke yake atakuwa ameacha theluthi ya wanga wote.

Weupe wa kinywaji nao hautokani lazima na maziwa. Matone madogo ya mafuta ya mimea, mara nyingi ya kiini cha mchikichi au ya nazi, hutawanya mwanga, na kaseinati ya sodiamu huyazuia yasishikamane. Kaseinati hiyo ni protini ya maziwa, kwa hiyo krima inayoitwa "isiyo ya maziwa" inaweza kumfaa asiyevumilia laktosi na papo hapo ikamdhuru mwenye mzio wa maziwa. Baadhi ya krima huongezewa rangi nyeupe ya E171, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vyakula mwaka 2022.

Kuhusu mafuta, ambayo huweza kuongezewa hidrojeni ili yagande, neno "hidrojeni" pekee halitoshi kuyahukumu. Yaliyohidrojenishwa kikamilifu huwa na mafuta mengi yaliyoshiba na karibu hayana mafuta ya transi, yaani yale yanayodhuru moyo zaidi. Yaliyohidrojenishwa nusu ndiyo chanzo cha transi, na pakiti yenye maneno hayo mimi ningeirudisha rafuni hata kama sukari yake ni kidogo.