Usiangalie pointi, angalia thamani za Q

Utotoni karibu kila mtu amewahi kusimamisha ufagio kiganjani akawa anauhangaikia huku na huku usianguke. CartPole-v1 ni mchezo huo huo ndani ya kompyuta. Kuna kigari kwenye reli na kijiti kimesimama juu yake, na kila baada ya sekunde 0.02 unaamua kusukuma kushoto au kulia. Kila hatua unapata pointi 1. Kijiti kikiinama kupita nyuzi 12, au kigari kikienda mbali mno na katikati, umeanguka. Ukifikisha hatua 500 mchezo unakatwa hata kama kijiti kingali wima.

Wengi tunajifunzia hapo DQN, njia ya kufundisha mtandao wa neva kucheza kwa kukadiria thamani ya kila kitendo, na hapo ndipo lilipo lalamiko langu. Mafunzo mengi yanakupa ghala la kumbukumbu na mtandao lengwa, yanasema vyote viwili "huleta utulivu", kisha yanakuonyesha mchoro wa pointi unaopanda. Ni kama kupewa dawa mbili hospitalini bila kuambiwa ipi ya malaria na ipi ya tumbo. Hivi vitu viwili vinatibu magonjwa tofauti, na mchoro wa pointi hauwezi kukuonyesha ni lipi linalokusumbua. Thamani za Q zinaweza.

Thamani ya Q ni makadirio ya pointi zitakazopatikana kuanzia sasa ukichagua kitendo fulani, ila za baadaye zinapunguzwa kidogo. Ukizidisha kwa 0.99 kila hatua, mchezaji asiyeanguka milele atakusanya 1 + 0.99 + 0.99² na kuendelea, jumla yake 100. Kwa hiyo kwenye CartPole hakuna Q halali inayozidi 100. Mtandao wako ukianza kudai 300, unaota, hata kama pointi siku hiyo ni nzuri.

Sasa tuchukue hatua moja. Kigari kipo 0.03 kutoka katikati kikienda kasi ya 0.01, kijiti kimeinama radiani 0.02 na kinazidi kuinama kwa kasi ya 0.04. Tunasukuma kulia. Hali mpya inakuwa 0.0302, 0.205, 0.0208 na −0.246. Nafasi na mwinamo havijabadilika kwa jicho. Kilichobadilika ni kasi tu. Tuseme mtandao ulikadiria 22.0 kwa kusukuma kulia katika hali ya kwanza, na katika hali mpya kitendo bora kina 24.1. Lengo la kujifunzia ni 1 + 0.99 × 24.1, yaani 24.859. Tunadaiwa 2.859.

Tunarekebisha mtandao, makadirio yanapanda hadi 22.5. Lakini mtandao ni mmoja na hali hizi mbili ni majirani, hivyo ile 24.1 nayo inaweza kubebwa juu, tuseme hadi 24.6. Lengo limehamia 25.354. Tumepanda nusu pointi nzima na bado tunadaiwa 2.854. Huku ni kufukuza kivuli chako: unakimbia nacho kinakimbia, na Q zinaweza kuivuka 100 bila breki.

Mtandao lengwa unakifunga kivuli hicho. Ni nakala ya mtandao iliyogandishwa, na lengo linakokotolewa kutoka kwake tu. Ukipanda hadi 22.5, lengo linabaki 24.859 na deni linashuka kweli. Baada ya hatua kadhaa (mimi hutumia 500 kwenye CartPole) unanakili upya. Makala ya kwanza ya DeepMind ya mwaka 2013 ilikuwa na ghala bila mtandao lengwa. Huo uliingia katika ile ya *Nature* ya 2015, ukinakiliwa kila baada ya masahihisho 10,000. Ghala lenyewe ni la zamani zaidi, Long-Ji Lin alilieleza mwaka 1992.

Ghala ni habari nyingine kabisa. Kijiti kikianza kuinama kulia, hatua 20 au 30 zinazofuata zote ni za kijiti kilichoinama kulia. Ukimfundisha mtandao kwa mfululizo huo unakuwa bingwa wa kulia na kusahau kushoto. Ndiyo maana kila hatua inawekwa ghalani, na wakati wa kujifunza tunachota fungu la hatua 64 kwa kubahatisha, za jana na za leo zikichanganyika.

Ila ghala lina ukubwa, na hapa ndipo nilipopoteza wikiendi nzima. Langu lilikuwa la hatua 10,000. Mwanzoni mchezaji huanguka kila baada ya hatua 20 hivi, kwa hiyo ghalani kulikuwa na maanguko karibu 500 ya kujifunzia. Akaanza kufikisha 500, mara ya kwanza, ya tano, ya ishirini. Nikafurahi. Piga hesabu: michezo 20 ya hatua 500 ni 10,000, yaani ghala zima limejaa kijiti kilichosimama wima, na maanguko yote yametupwa nje. Hakuna tena mfano wa kumwambia kwamba kuinama sana ni kifo. Q za hali mbaya zikaanza kupanda kimyakimya, na saa moja baadaye mchezaji wangu aliyekuwa akipata 500 alikuwa anaanguka hatua ya 40.

Mchoro wa pointi ulinionyesha ajali ilipokwisha kutokea. Ningekuwa nimetenga hali moja mbovu, kijiti kimeinama nyuzi 11 na kinaendelea kuanguka kwa kasi, nikachapisha Q yake kila baada ya hatua 1,000, ningeona mapema. Hali hiyo inastahili Q ya moja au mbili hivi. Ikifika 30, maanguko yameisha ghalani. Nilipanua ghala hadi 100,000 na ugonjwa huo ukakoma.

Kosa jingine linalofanana nalo kwa sura lipo kwenye mstari mmoja:

```python
q = net(s).gather(1, a)
with torch.no_grad():
    q2 = net_lengwa(s2).max(1, keepdim=True).values
    y = r + 0.99 * q2 * (1 - terminated)
```

Hapo lazima iwe `terminated` peke yake, yaani kuanguka kweli. Wengi huiunganisha na `truncated`, yaani mchezo kukatwa kwenye hatua ya 500, na kuita zote `done`. Basi hatua ya 500, kijiti kikiwa wima kabisa, inahesabiwa kama kifo na lengo lake linakuwa 1, wakati mtandao unakadiria karibu 99. Tofauti ya 98 ukiizidisha kwa yenyewe ni 9,604, na ukitumia hasara ya mraba, mfano huo mmoja unaweza kuwameza wenzake 63. Dalili yake ni tofauti na ile ya ghala: Q za hali *nzuri* ndizo zinazoporomoka ghafla, tena baada tu ya mchezaji kuanza kufikisha 500.

Kwa hiyo ukiniletea msimbo wako unaogoma, usinitumie picha ya pointi. Nitumie mistari mitatu: Q ya juu kabisa katika kila fungu, Q ya kijiti kilicho wima katikati, na Q ya kijiti kinachoanguka. Wa kwanza ukivuka 100, nitaanzia kwenye mtandao lengwa. Wa pili ukiporomoka ghafla, tutaangalia ule mstari wa `terminated`. Wa tatu ukipanda, tutafungua ghala tuhesabu maanguko.