Soma jedwali la bureti kabla ya kugusa fomula

Ninapopitia hesabu ya taitresheni ya mwanafunzi wa kidato cha nne, siendi kwenye fomula kwanza. Naanza na jedwali la bureti, halafu vipimo vya mkolezo. Fomula huwa wanaikariri vizuri. Kinachowaangusha ni namba wanazoingiza humo.

Chukua zoezi hili, ambalo tunalifanya sana hapa Dodoma. Gramu 3.5 za fuwele za sodiamu kaboneti, Na₂CO₃·xH₂O, zimeyeyushwa na kufanywa myeyusho wa cm³ 250. Unachukua cm³ 25 kwa pipeti, unatia matone ya methili oranji, kisha unadondoshea asidi ya hidrokloriki ya 0.1 M kutoka kwenye bureti. Tafuta x.

Mwanafunzi mmoja aliniletea daftari, jibu lake ni 9. Nikamuuliza imekuwaje.

"Mwalimu, si unajua hewa ya huku ilivyo kavu? Fuwele zimepoteza maji."

Hoja yake haikuwa ya kubeza. Fuwele hizi zikiwa kamili zina molekuli 10 za maji, na chupa ikiachwa wazi wakati wa kiangazi huku kwetu zinakauka na kuwa unga mweupe. Kwa hiyo x kushuka kidogo chini ya 10 ni jambo linalowezekana kabisa, na ndiyo maana kosa lake lilijificha vizuri.

Jedwali lake lilikuwa na raundi tatu, ukiacha ile ya majaribio. Usomaji wa mwanzo ulikuwa 1.20, 0.80 na 2.40. Usomaji wa mwisho ulikuwa 25.70, 25.30 na 26.90. Yeye alichukua zile za mwisho, akatafuta wastani, akapata 25.97. Mkolezo wa kaboneti ukawa 0.0519 M, na x ikatoka 9.1.

Sasa toa mwanzo kwenye mwisho, raundi kwa raundi. Zote tatu zinatoa cm³ 24.50. Huo ndio ujazo wa asidi uliotoka kwenye bureti. Moli za asidi ni 0.1 × 24.50 ÷ 1000, yaani 0.00245. Kila moli moja ya kaboneti inahitaji moli mbili za asidi, hivyo kaboneti ni moli 0.001225 ndani ya cm³ 25, sawa na 0.049 M. Gramu 3.5 katika cm³ 250 ni gramu 14.0 kwa dm³. Gawanya 14.0 kwa 0.049, unapata 285.7. Ondoa 106 za kaboneti yenyewe, gawanya kwa 18, unapata 9.98. Fuwele zilikuwa nzima.

Kosa la vipimo halijifichi hivyo. Angesahau kugeuza gramu 3.5 ziwe gramu kwa dm³, angegawanya 3.5 kwa 0.049 na kupata 71.4, namba ndogo kuliko 106, na x ingekuwa hasi. Angesahau kugawanya kwa 1000 upande mmoja tu, mkolezo ungepotoka mara elfu. Makosa ya namna hiyo yanapiga kelele, mradi mtu ajiulize kama jibu lina maana. Kosa la bureti linakupotosha kwa asilimia chache tu, na jibu linaendelea kuonekana la kweli.

Dalili ilikuwepo, hata hivyo. Zile namba zake za mwisho zimepishana kwa cm³ 1.60, wakati raundi zinazokubalika tunataka zisipishane zaidi ya 0.20. Kama angejiuliza kwa nini hazifanani, angerudi kwenye kutoa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na walimu wenzangu wanaosisitiza kila raundi ianzie 0.00. Najua wanataka kumrahisishia mtoto. Lakini akianzia sifuri kila mara, usomaji wa mwisho na ujazo vinakuwa namba ileile, na hajui kwamba ni vitu viwili. Mimi nasema jaza bureti, shusha myeyusho hadi uingie kwenye alama, soma sehemu ya chini ya mkunjo macho yakiwa usawa wake, andika palipo. Mianzo ikitofautiana na ujazo ukafanana, jedwali limejithibitisha lenyewe.

Na kama kutoa kumefanyika sawasawa na bado x inakuja 9.1? Hapo nitamsikiliza anayelaumu hewa kavu, ila aithibitishe. Apime gramu 1.00 ya fuwele zilezile kwenye kikombe cha kauri, azipashe moto taratibu, apime tena hadi uzito usibadilike. Zenye maji kamili zitapoteza karibu gramu 0.63. Zenye 9.1 zitapoteza kama 0.61, kwa hiyo anahitaji mizani inayosoma angalau sehemu mia za gramu, na hata hapo arudie mara kadhaa.