Sortino haioni mpangilio wa hasara, mporomoko unauona

Katika mijadala ya kupima mikakati ya uwekezaji, uwiano wa Sortino hupewa heshima ya kitakwimu, na uwiano wa Calmar huchukuliwa kama namba ya kupambia vipeperushi. Hoja inayotolewa ina mashiko. Sortino hutumia kila mwezi uliomo kwenye rekodi: hugawanya faida ya wastani iliyo juu ya lengo kwa mkengeuko wa upande wa hasara peke yake. Calmar, iliyopendekezwa na Terry Young mwaka 1991 kwa dirisha la miezi 36, hugawanya faida ya mwaka kwa mporomoko mkubwa kuliko yote, yaani umbali kutoka kilele hadi shimo lililofuata. Miezi 36 ya data, na kipimo chote cha hatari kinabebwa na tukio moja. Mtakwimu akikunja uso hapo, simlaumu.

Lakini lawama hiyo imesahau jambo moja ambalo Sortino hailiwezi hata kidogo, nalo ni kujua hasara zilikuja kwa mpangilio gani.

Chukua mikakati miwili ya mwaka mmoja. Kila mmoja una miezi minane ya faida ya asilimia 4 na miezi minne ya hasara ya asilimia 3. Mkakati A umezitawanya hasara: faida mbili, hasara moja, mzunguko huo mara nne. Mkakati B umepata faida nne, ukafuatiwa na hasara nne mfululizo, kisha faida nne tena. Kwa kuwa kuzidisha hakujali mpangilio, yote miwili inafunga mwaka ikiwa na faida ileile ya asilimia 21.16.

Sasa Sortino, kwa lengo la sifuri. Wastani wa mwezi ni asilimia 1.67. Mkengeuko wa hasara hupatikana kwa kuweka kipeo cha pili kila upungufu, kujumlisha, kugawanya kwa miezi yote 12, kisha kutafuta kipeuo cha pili: 4 mara 9 ni 36, gawanya kwa 12 upate 3, na kipeuo chake ni 1.73. Uwiano wa mwezi ni 0.96, na ukizidishwa kwa kipeuo cha 12 ili uwe wa mwaka unafika 3.33. Ni 3.33 kwa A na 3.33 kwa B. (Wapo wanaochukua mkengeuko sanifu wa miezi ya hasara pekee. Kwa mfano huu, ambapo hasara zote zinalingana, mkengeuko huo ni sifuri na uwiano unakwenda bila kikomo. Kosa hilo limejaa kwenye hesabu zinazozunguka mitandaoni, kwa hiyo kabla ya kulinganisha namba za watu wawili hakikisha kwanza kwamba wote wamegawanya kwa idadi ya miezi yote.)

Mporomoko unasema habari nyingine. Katika A, kila hasara ya 3, isipokuwa ile ya mwezi wa mwisho, inafutwa na faida ya mwezi unaofuata, hivyo shimo halizidi asilimia 3 na Calmar ni 7.05. Katika B hasara zinarundikana mpaka asilimia 11.47, na Calmar inashuka hadi 1.84. Kilele cha mwezi wa nne hakivukwi tena hadi mwezi wa kumi na mbili, maana kufuta shimo la 11.47 kunahitaji faida ya karibu asilimia 13, na miezi mitatu ya 4 haitoshi. Kama mwenye fedha ameweka sharti la kufunga mkakati ukiporomoka zaidi ya asilimia 10, B inafungwa mwishoni mwa mwezi wa nane ikiwa na faida ya 3.6 tu. Ile 21.16 iliyoandikwa kwenye jedwali haipati kamwe. Mwenye A haulizwi chochote mwaka mzima.

Na hapa ndipo penye uzito zaidi, kwa sababu hasara zinazofuatana mara nyingi si ajali. Fikiria mfuko unaoshikilia dhamana zisizouzwa mara kwa mara. Zinapoteza asilimia 11.47 kwa mkupuo mmoja, lakini mthamini hana bei mpya ya soko, hivyo bei inashushwa kidogo kidogo: 3 mwezi huu, 3 ujao, mpaka miezi minne iishe. Rekodi inayotoka ni B yetu ileile. Kama bei ingeandikwa kwa ukweli, rekodi ingekuwa na miezi minane ya faida ya 4, mwezi mmoja wa hasara ya 11.47, na miezi mitatu ya sifuri. Faida ya mwaka haibadiliki. Sortino ya rekodi ya kweli ni 1.79, na ya rekodi iliyolainishwa ni 3.33. Uwiano umekaribia kuongezeka maradufu, na hakuna aliyepunguza hatari hata chembe. Kilichobadilika ni namna ya kuandika bei. Calmar ni 1.84 kwa rekodi zote mbili.

Sababu ni kwamba kuweka kipeo cha pili huadhibu hasara kubwa moja kuliko hasara ndogo nyingi zenye jumla ileile, na kuzidisha kwa kipeuo cha 12 huchukulia kwamba mwezi mmoja haujui kilichotokea mwezi uliopita. Penye bei zilizolainishwa, dhana hiyo inavunjika. Inavunjika pia kwa mkakati wa kufuata mwelekeo unaoumia tena na tena soko linapokwenda kombo bila mwelekeo. Kwa mikakati ya aina hizi Sortino hupendelea yule mwenye hasara za kidogo kidogo, na sioni namna ya kulitetea hilo.

Hata hivyo wanaoitilia shaka Calmar wana swali linalostahili jibu: utajuaje kwamba mpangilio wa B ni tabia ya mkakati na si bahati mbaya ya mwaka ule? Jibu ni kuchanganya miezi. Chukua faida na hasara zilezile, zipange upya kwa nasibu mara 10,000, kila mara kokotoa mporomoko mkubwa, kisha angalia mporomoko halisi umeangukia wapi. Kwa mfano wetu mdogo hatuhitaji hata kompyuta. Kuna njia 495 za kupanga hasara nne ndani ya miezi 12. Mporomoko wa 11.47 hutokea pale tu hasara zote nne zinapofuatana, na hilo lina njia 9, yaani moja kati ya 55. Mporomoko wa 3 wa mkakati A hutokea pale ambapo hakuna hasara mbili zinazopakana, njia 126, takriban robo ya zote. Mpangilio wa A ni wa kawaida kabisa. Wa B unatakiwa kuelezwa: bei zinathaminiwaje, soko lilikuwa katika hali gani, na je, mkakati huongeza mzigo baada ya kupoteza?

Kwa rekodi ndefu, kazi yote ni mistari michache:

```python
import numpy as np

def sortino(r, lengo=0.0):
    pungufu = np.minimum(r - lengo, 0)
    return (r - lengo).mean() / np.sqrt((pungufu**2).mean()) * np.sqrt(12)

def mporomoko(r):
    v = np.concatenate(([1.0], np.cumprod(1 + r)))
    return (1 - v / np.maximum.accumulate(v)).max()

r = np.array([0.04]*4 + [-0.03]*4 + [0.04]*4)  # mkakati B; weka rekodi yako hapa

g = np.random.default_rng(1)
nasibu = [mporomoko(g.permutation(r)) for _ in range(10000)]
print(np.mean(np.array(nasibu) >= mporomoko(r) - 1e-9))
```

Ile `1.0` ya mwanzo isiachwe. Rekodi ikianza na hasara nne na thamani ya kuanzia haimo, mwezi wa kwanza unageuzwa kuwa kilele na mporomoko unasomeka 8.73 badala ya 11.47. Mikakati iliyoanza vibaya hunufaika na kosa hili kimyakimya.

Namba inayochapishwa mwishoni ni sehemu ya mipangilio ya nasibu yenye mporomoko sawa na halisi au zaidi. Ikiwa kati ya 0.2 na 0.8, tofauti ya Calmar kati ya mikakati miwili yenye faida na hasara zinazofanana haina maana kubwa, na hapo nakubali Sortino iamue. Ikishuka chini ya 0.05, Sortino ya mwezi haifai tena kutumika kama hukumu. Tahadhari moja: ukipima mikakati 55 isiyo na tatizo lolote, mmoja hivi utakuonyesha moja kati ya 55 kwa bahati tu. Kipimo hiki ni cha kuhoji wachache uliokwisha kuwachagua kwa sababu nyingine.

Pingamizi la tukio moja nalo lina dawa. Faharisi ya vidonda ya Peter Martin, ya mwaka 1987, huchukua kina cha shimo kila mwisho wa mwezi, hukiweka kipeo cha pili, hutafuta wastani wa miezi yote, kisha kipeuo. Kwa A inatoka 1.73, kwa B, ambayo imekaa shimoni miezi saba, inatoka 5.27. Gawanya faida ya mwaka kwa namba hizo upate 12.2 na 4.0. Pengo limepungua kidogo kuliko la Calmar, mpangilio bado unaonekana, na hakuna mwezi mmoja unaobeba hukumu yote. Kama ningelazimika kubaki na uwiano mmoja wa mporomoko ningebaki na huu, ingawa ni vigumu kumweleza mtu asiyezoea hesabu.

Kuna udhaifu mmoja ambao uwiano wowote wa mporomoko mkubwa hauwezi kuukwepa: urefu wa rekodi. Mporomoko mkubwa haupungui kadiri muda unavyosonga, unabaki palepale au unaongezeka, hivyo mkakati wa miaka 3 ukilinganishwa na wa miaka 10 unaanza mbele bila kustahili. Kata rekodi zote mbili ziwe na tarehe ileile ya kuanza na ya kumaliza, hata kama inamaanisha kutupa miaka 7 ya data. Marudio ya data nayo yalingane: bei za mwisho wa mwezi haziwezi kuonyesha shimo lililochimbwa tarehe 8 na kufukiwa tarehe 25, na mwenye rekodi ya kila siku ataonekana mbovu kwa sababu tu ameonyesha zaidi.