Nilivyofungua "Karaha" na kuwakaribisha wageni kwa mikono miwili

Jamani naomba nianze kwa kusema kosa lilikuwa langu, fundi nilishamsamehe, mama mkwe naye nadhani alishanisamehe maana siku hizi akicheka ananiangalia usoni.

Tulijenga vyumba vitano vya kulaza wageni, hatua chache tu na ufukwe, wazo likiwa tupate watalii wanaopita na pia wasafiri wa humu humu, mtu anaenda msibani, mtu ana kikao, mtu kachoka tu na dunia. Vyumba vikaisha, neti zikafungwa, magodoro yakaja, jina hakuna. Mke wangu akasema jina ni kazi ya jioni moja. Ilituchukua wiki tatu!

Mimi kwanza nilitaka Machweo, si ndo jina la pwani hilo, mpaka mke wangu akanitoa nje saa kumi na mbili jioni akaniuliza jua liko wapi. Liko nyuma ya choo cha jirani. Bahari yetu iko mashariki, sie tunaliona likichomoza, machweo tunayasikia kwa watu. Halafu nikaja na Karibu Nyumbani, nikaingia mtandaoni kuangalia, nikakuta wenye jina hilo na ndugu zake wamejaa hadi mgeni akitafuta lako anaangukia kwa mwenzio. Yaani neno karibu ni zuri ila limechoka, kila mlango limeandikwa, halimwambii mtu uko wapi wala una nini.

Na kabla hata ya jina lenyewe kulikuwa na ugomvi wa mkia wake. Mimi nikasema tumalizie na gesti, fupi, rahisi. Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Mwanangu akae gesti?" Nikaelewa. Kwa mtalii neno hilo halina tatizo lolote, ila kwa msafiri wetu sisi gesti ina habari zake nyingine, kuna baba mtu mzima hawezi kumwambia mkewe nimelala gesti hata kama kalala peke yake na viatu miguuni. Hoteli nayo ukiandika, nusu ya watu wanaingia wanavuta kiti wanauliza kuna nini leo, maana hoteli kwetu ni kwa kula. Tukakubaliana Nyumba ya Wageni, mstari wa chini, herufi ndogo.

Sasa jioni moja nimekaa barazani nawaangalia kaa. Wale wa mchangani, weupe weupe, jua likipoa wanachungulia kwenye mashimo, macho yamesimama juu kama antena, ukikohoa tu wote ndani. Na hapo ndo akili ikanijia, nikasimama kabisa. KAA RAHA! Kaa ni huyu mdudu wa ufukweni, mazingira hayo. Kaa ni keti, tulia, ukaribisho huo. Raha ni raha. Neno moja linakupa bahari na kiti kwa pamoja, nani kawahi kufikiria hivyo? Nililala nacheka mwenyewe. Mke wangu akasema "sawa ni zuri" kwa ile sauti ya mtu anayetaka taa izimwe, nami nikaihesabu kuwa kura ya ndiyo.

Kitu ambacho sikukifanya, na ambacho kingechukua dakika moja, ni kulitamka jina kwa haraka kama mtu anayepiga simu yupo ndani ya gari. Nililitamka polepole kama nasoma risala, kaa, raha, kila neno na mkazo wake. Ila mtu akiliunganisha, mkazo wote unakimbilia kwenye "ra", ile kaa ya mbele inabanwa, a mbili zinakuwa moja. Sema mwenyewe haraka mara tatu. Umesikia?

Mimi sikusikia.

Nikaenda kwa fundi wa mabango na ubao wangu wa urefu wa sentimita 240. Nilitaka herufi za sentimita 10, za kistaarabu. Fundi akaniambia bosi, herufi ya 10 mtu anaisoma vizuri akiwa mita kama 12, ikifika mita 30 anabahatisha, na hapo barabarani kwako gari ikienda spidi 60 inakata karibu mita 17 kwa sekunde moja, sasa dereva atasoma saa ngapi, akishakupita? Nikaona huyu mtu ana elimu. Tukapandisha hadi 30. Herufi saba, kila moja na nafasi yake kama sentimita 30, hiyo 210, inabaki 30 ya kutenganisha maneno mawili, hesabu imekaa. Ila imekaa bila pembezoni, na fundi hawezi kubandika herufi kwenye ukingo wa ubao kama tangazo la dawa ya panya, kwa hiyo ile 30 ya katikati akaigawa huku na huku pembeni. Hakuniambia. Kwake lilikuwa jambo la kiufundi.

Na mimi sasa, badala ya kunyamaza, nikaongeza ubunifu. Nikamwambia ile A ya pili usiiandike, chora kaa mahali pake, mtu ataona kaa ataelewa kaa. Fundi akaniangalia kidogo. Akasema "wewe ndo bosi."

Kaa ana miguu nane na magando mawili. Kwenye ile nafasi kati ya A na R miguu nane haikuenea, fundi akaweka sita. Magando yalikuwa yanagusa R, akayatoa. Nyekundu ilikuwa imemwishia, akachanganya iliyobaki na nyeusi kidogo ikatoka kahawia. Basi jaribu kukiona, kimwili cha yai, kimebonyea, kahawia, miguu sita mitatu huku mitatu kule, na ukubwa wa sentimita 30.

Bango lilipandishwa usiku kwa sababu ya foleni ya ngazi (ngazi ya kuazima, tuyaache) kwa hiyo mimi nililiona asubuhi pamoja na umma wote. Kuna mtoto alikuwa anaenda shule, kasimama, anasoma kwa sauti kama walivyofundishwa, ka... ra... ha. Akaangalia kile kidudu. Akaniangalia mimi. Akasema shikamoo akakimbia.

Yaani nilikuwa nimeandika KARAHA, kubwa, inayosomeka vizuri toka mbali kuliko bango lolote la barabara ile, na katikati nimechora kunguni. Chini, Nyumba ya Wageni.

Ningelishusha siku hiyo hiyo ila ngazi ilishaondoka, na wageni wa kwanza walikuwa njiani. Simu ikaita, mama mmoja, upepo mwingi upande wake. "Halo, hapo ndo Karaha?" Nikasema hapana mama, hapa ni Kaa Raha. "Ndo nasema, Karaha, nimeshafika getini, huyu mdudu ni wa kwenu?" Nikasema ni kaa huyo mama. Akasema "nikae wapi?" Nikasema hapana, kaa, yule wa baharini. Akasema baba mimi nimechoka nataka kulala, hayo ya baharini kesho. Akaingia. Nilimkuta chumbani kainua godoro lote, anakagua mishono kwa tochi ya simu, kona kwa kona, na nikasema moyoni huyu ni mtu makini maana kunguni kweli hukaa kwenye mishono, akiwepo utaona vidoti vyeusi kama kalamu imevuja. Hakuona kitu. Akalala na taa inawaka.

Jioni wakaja watalii wawili, wapole sana, wana kamusi ya mfukoni. Mzee wa watu akanionyesha kidole kwenye ukurasa, neno karaha, akauliza kwa adabu zote kama ni ukoo wetu. Nikachukua ile kamusi nimwelekeze, nikafungua kwenye kaa, kuna kaa mnyama, kaa kuketi, na kaa la moto. Kumbe na kaa la moto lipo! Akaandika kwenye kidaftari chake, akitikisa kichwa, na mpaka leo sijui aliandika nini.

Na kwenye mtandao hali ilikuwa ileile, maana jina likiandikwa kwenye anwani linagandana, `kaaraha`, na kila aliyelichapa alisahau a moja, sasa ukitafuta sehemu ya kulala unaletewa maelezo ya vitu vinavyochukiza. Imeli za watu zilikuwa zinarudi.

Wiki ya pili mke wangu akasema sasa mimi. Hakukaa barazani kuwaza. Alichukua simu akampigia dada yake aliye sokoni kwenye kelele, anamtajia jina mara moja tu, anamwambia liandike kama ulivyosikia unitumie. Likirudi limeharibika, anaenda lingine. Alikuwa na moja la Miguu Mchangani nikalipenda, tukampa mtalii mmoja alitamke, ile "mch" ilimfanya apige chafya. Lililorudi zima kila mara, kwa dada, kwa mtalii, hata likigandana herufi ndogo `vuaviatu`, lilikuwa Vua Viatu. Mchanga uko hapo, na mtu aliyevua viatu keshafika. Hata mimi nilikubali, kwa uchungu.

Fundi akaliandika bila picha, nafasi katikati ya maneno imekaa pana kama mlango, niliipima mwenyewe kwa futi kamba.

Jumamosi ya kwanza nikaenda getini nikakuta jozi nne za viatu zimepangwa chini ya bango, safi kabisa, na watu wanne wanakuja wanarukaruka kwenye kokoto saa saba mchana. Walidhani ni amri.

Nimeweka kibao kidogo kinachosema viatu hadi mlangoni. Juzi simu ikaita, upepo mwingi. "Halo, hapo Vua Viatu?" Ndiyo mama. "Si ndo nyie mliokuwa Karaha?" Ndiyo mama. "Basi niwekee chumba kilekile, kile nishakikagua."